Ganzi ya Usiku kwa Wajawazito, Banzi la Mkono na Miezi Inayofuata Kujifungua

Mhadhara uliotolewa Buyenzi, Bujumbura, mbele ya wakunga, wauguzi, kina mama na wazee wa mtaa



Mashehe na wazee wetu, wakunga na wauguzi mnaohudumia Buyenzi na Bwiza, mama zangu, dada zangu, na nyinyi mafundi mlioacha gereji mchana huu mkaja kusikiliza jambo la wake zenu, nawashukuru kwa kuitika. Kazi yangu ni tiba ya viungo, ile ambayo wengi hapa mnaiita kine. Nimeombwa niseme juu ya mikono ya mama mjamzito: inavimba, inakufa ganzi, na usiku inamwamsha usingizini.

Shabaha yangu ni moja. Nataka mkitoka hapa mjue kuitambua ganzi hii, mjue kulitengeneza na kulivaa sawasawa banzi la usiku, yaani ile atele ya farumasini, na mjue nini cha kutarajia mtoto akishazaliwa. Hilo la mwisho ndilo lililonileta hasa. Kila siku kina mama wanaambiwa, "Vumilia, ukijifungua litaisha." Neno hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote, na ile sehemu isiyosemwa inawaumiza.

Hoja ya kwanza: ganzi hii ina vidole vyake

Naomba kila mmoja afungue kiganja chake cha kulia akitazame. Neva tunayoizungumzia huitwa neva ya kati. Inatoka shingoni, inashuka katikati ya mkono, inapita kwenye kifundo na kuingia kiganjani. Ngozi inayopata hisia kutoka kwake ni ya kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete, ule upande unaotazama kidole cha kati. Kidole kidogo hakimo. Chenyewe kina neva nyingine, inayopita njia nyingine.

Kwa hiyo mama akija kwako, mkunga, akasema, "Mikono yangu inakufa ganzi," swali lako la kwanza liwe: kidole kidogo nacho? Wengi watajibu haraka kwamba mkono wote umekufa. Mwambie atulie, na usiku wa leo akiamka agusishe ncha za vidole kimoja kimoja. Kesho yake atarudi na jibu jingine. Kama kidole kidogo kiko salama na vitatu vya mwanzo ndivyo vinavyochomachoma, umeshafika karibu na penyewe.

Swali la pili: ikikuamsha usiku, unafanya nini? Mama mwenye tatizo hili mara nyingi hajibu kwa maneno. Ananyanyua mikono na kuikung'uta, kama mtu anayetoa maji vidoleni. Mwonekano huo matabibu wanautambua duniani kote, nao ni dalili nzuri kuliko vipimo vingi. Mkitaka kuongeza kimoja, mama akunje vifundo vyote viwili kuelekea ndani, migongo ya viganja ikigusana mbele ya kifua, akae hivyo sekunde 60. Ganzi ikija kwenye vidole vile vile, shaka inapungua. Ikija kwa maumivu makali, mwachishe mara moja, hakuna haja ya kumaliza dakika.

Kipo kitu cha tatu cha kutazama, na hiki ni cha macho. Ule mnofu ulio chini ya gumba, upande wa kiganja, ukiwa mzima umejaa na una mviringo. Neva ikibanwa kwa muda mrefu sana, mnofu huo hubonyea na gumba hukosa nguvu ya kusimama mbele ya kiganja. Katika ujauzito ni nadra kufika huko. Mkikuta umebonyea, msizungumze habari ya banzi peke yake. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari.

Hoja ya pili: kwa nini mimba, na kwa nini usiku

Kwenye kifundo cha mkono pana njia nyembamba. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo ya kifundo, na dari yake ni utepe mgumu usiovutika. Ndani ya njia hiyo zinapita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na neva ya kati. Fikirini mlango mwembamba wenye watu kumi wanaopita kwa pamoja, tisa wana mabega magumu na mmoja ni laini. Wakibanana, anayeumia ni yule laini.

Sasa mimba inaongeza maji mwilini. Damu yenyewe huongezeka, hasa ile sehemu yake ya majimaji, na maji mengine hukaa katika nyama, ndiyo maana viatu vinabana na pete haitoki. Homoni za mimba ndizo zinazoufanya mwili uyashike maji hayo, na jambo lenyewe ni la kawaida. Lakini utando unaozizunguka zile kano nao unavimba, na mlango hauwezi kupanuka. Hali hii huonekana zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, na mara nyingi hushika mikono yote miwili.

Usiku una sababu zake. Mchana maji hukaa miguuni. Mama akilala, sehemu ya maji hayo husambaa na kupanda juu. Vidole navyo vimetulia, havikunjwi na kukunjuliwa, kwa hiyo hakuna kinachoyasukuma maji yatoke. Na kubwa kuliko yote, tukilala tunakunja vifundo bila kujua. Mama mjamzito analala ubavu, mkono mmoja umekunjwa chini ya shavu, mwingine umening'inia mbele ya tumbo.

Hapa nitataja tarakimu chache, kwa sababu ndizo zinazoeleza kwa nini banzi linafanya kazi. Mwaka 1981 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima mkandamizo ndani ya njia hii. Hawakuwapima wajawazito, lakini njia ni ile ile. Kwa watu wazima wa afya, kifundo kikiwa kimenyooka, mkandamizo ulikuwa kama 2.5 kwa milimita za zebaki. Wakikikunja, uwe ni mkunjo wa ndani au wa nje, ulipanda hadi karibu 30. Kwa wagonjwa, kifundo kikiwa kimenyooka ulikuwa tayari 32, na kukikunja kulikaribia au kupita 100. Kwa hiyo kukunja kifundo kunaweza kuuongeza mkandamizo mara tatu kwa mtu ambaye njia yake imeshajaa. Na tazameni kwamba kukikunja kwenda nje, mgongo wa kiganja ukirudi nyuma, ni kubaya sawa na kukikunja ndani. Shikeni hilo, tutalihitaji kwenye banzi.

Hoja ya tatu: presha kwanza

Kabla mkono haujafungwa chochote, mama apimwe presha na mkojo. Hapa sina mjadala na mtu.

Kuvimba miguu jioni ni jambo la mimba. Kuvimba mikono na uso kunaweza pia kuwa jambo la mimba. Lakini baada ya wiki ya 20, presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi, au mama akiwa na kichwa kinachouma kisichotulia, macho yanayoona giza au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, au uvimbe wa uso uliokuja ghafla, hilo ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Kifafa cha mimba hakingoji kesho. Banzi halina nafasi hapo. Tangu mwaka 2006 nchi yetu ilipoondoa malipo ya kujifungua katika vituo vya serikali, kina mama wengi zaidi wanafika kituoni. Basi wanapofika, kifaa cha presha kitoke kwanza mfukoni.

Mengine matatu niyapitie haraka. Pete ivuliwe mapema, wakati bado inatoka kwa sabuni. Nimeona vidole vilivyobadilika rangi kwa sababu mama aliona aibu kuvua pete ya ndoa. Vidonge vya kukojolesha vinavyouzwa bila kuandikiwa visitumiwe kupunguza uvimbe wa mimba. Na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki zisinywewe bila daktari kuanzia wiki ya 20, kwa sababu zinaweza kuathiri figo za mtoto na maji yanayomzunguka. Zikinywewa karibu na mwisho wa mimba zinaweza kuudhuru na moyo wake.

Na lipo la nyumbani. Mkono wenye ganzi haujui joto. Kina mama wanaokaanga mandazi na sambusa alfajiri, au wanaoitumbukiza mikono katika maji ya moto wakidhani yatafungua damu, wanaungua bila kusikia mpaka lengelenge litoke. Maji ya uvuguvugu hayana ubaya, lakini mwenzako ayajaribu kwanza kwa mkono wake mzima. Na wembe wa kuchanja ili "damu chafu" itoke, naomba kwa heshima uwekwe chini. Hakuna damu chafu mle, kuna neva iliyobanwa.

Hoja ya nne: banzi lazima liwe limenyooka

Banzi la usiku lina kazi moja tu, kukizuia kifundo kisikunjike mtu akiwa amelala. Haliondoi maji, wala halikazi mkono. Utafiti mmoja wa Sweden uliochapishwa mwaka 1987 uliwafuatilia wajawazito wenye tatizo hili, na walio wengi waliovaa banzi usiku walipata nafuu. Nami nimeliona hilo kwa macho yangu humu mtaani.

Lakini nimeliona pia likishindwa, na karibu kila mara ni kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni umbo. Mabanzi mengi yanayouzwa farumasini yana kipande cha bati ndani, upande wa kiganja, na bati hilo limekunjwa tayari, mkono ukirudi nyuma kwa digrii 20 au 30. Yametengenezwa hivyo kwa ajili ya kazi ya mchana na majeraha mengine. Mama analivaa kwa imani usiku kucha, na kifundo chake kimeshikwa katika mkunjo ule ule unaoongeza mkandamizo. Dawa yake ni rahisi: chomoa bati, linyooshe kwa mikono au kwenye ukingo wa meza, kisha lirudishe. Kulihakiki, valisha banzi, kisha laza rula juu ya mgongo wa kigasha ielekee kwenye kifundo cha kidole cha kati. Rula ikilala moja kwa moja bila mwanya mkubwa, banzi liko sawa.

Ya pili ni urefu. Banzi fupi linashika kifundo tu, na mkono unalizunguka. Lianzie chini kidogo ya mistari ya kiganja ile ambapo vidole vinakunjwa, lishuke mpaka theluthi mbili ya kigasha kuelekea kisugudi. Kwa mama wa kimo cha kawaida ni kama sentimita 20 hadi 24. Mbele vidole vyote viwe huru: avikunje ngumi, na gumba liguse ncha ya kidole kidogo. Banzi linaloziba vidole litavikausha, na asubuhi ataamka na vidole vigumu.

Asiyeweza kununua asikae bure. Kipande cha mbao laini, chembamba, chenye upana wa kama sentimita 5, kisuguliwe ncha zote, kivishwe tabaka mbili za kitenge kilichochakaa na pamba kidogo penye mfupa wa kifundo, kilazwe upande wa kiganja, kisha kifungwe kwa bandeji ya kuvutika. Mafundi mliopo hapa, mnajua kukata bati na kuondoa makali kuliko mimi. Bati jembamba la alumini linafaa hata zaidi ya mbao kwa sababu linaweza kufuata mkono. Kitu kimoja tu: kabla ya kulikabidhi, lipitisheni shavuni mwenu. Likikwaruza shavu, litakwaruza mkono wa mama.

Ya tatu ni kukaza. Bandeji ya kuvutika ina hatari kuliko mikanda, kwa sababu mtu huivuta bila kujua, na mkono unaovimba usiku utajikuta umesongwa. Vidole viwili vya mwenzake vipite chini ya mkanda au bandeji bila kulazimisha. Kisha abonyeze kucha ya kidole cha kati mpaka iwe nyeupe, aachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Asubuhi alama za mikanda kwenye ngozi ziwe zimetoweka kabla hajamaliza kunywa chai. Zikibaki, alegeze.

Livaliwe usiku wote, kila usiku, mikono yote miwili kama yote miwili inauma. Mchana livuliwe, kulivaa ukifua au ukikanda unga wa chapati ni kupigana nalo, na kifundo kinachoka zaidi. Wengi huona tofauti ndani ya wiki moja au mbili. Asiliache siku ganzi inapotulia. Aendelee mpaka ajifungue, na wiki chache baadaye.

Alfajiri avue, anawe, atie udhu. Kuhusu swala, nitasema upande wa mwili na kuwaachia mashehe upande wao. Katika sijda kifundo kinarudi nyuma kabisa na uzito wa mwili unakaa juu yake. Kwa mama mwenye mimba kubwa na ganzi kali, hapo ndipo mikono inaposhika moto. Rukhsa ya mgonjwa kuswali ameketi na kuashiria sijda mnaijua. Nawaomba mashehe muwaeleze kina mama kwamba jambo hili linaingia humo, maana wao wenyewe huona haya kuuliza.

Niwape mfano, nimeukusanya kutoka kwa kina mama kadhaa ili asitambulike yeyote. Mama mmoja mshona nguo, mimba ya pili, wiki ya 31. Anaamka mara tatu usiku, anakung'uta mikono, anakaa kitandani mpaka itulie. Sindano inamponyoka. Presha 110 kwa 70, mkojo safi, kidole kidogo kizima, mnofu wa gumba umejaa. Ameshanunua banzi la mkono wa kulia, amelivaa siku nne, anasema limemzidishia. Tukachomoa bati, likawa limekunjwa nyuma kama mkono wa kusimamisha gari. Tukalinyoosha, la kushoto likatengenezwa kwa mbao na kitenge. Cherehani yake ikapandishwa kwa vipande vya mbao ili vifundo visikunjwe akisukuma kitambaa, na kukanda unga akakabidhiwa shemeji yake. Wiki iliyofuata alikuwa anaamka mara moja, usiku mwingine haamki. Ganzi haikuisha, ilibaki ncha za vidole asubuhi. Lakini alikuwa analala, na mama anayelala anaufikia uchungu wa kuzaa akiwa na nguvu.

Kama banzi lililonyooka, lililovaliwa vizuri, halijaleta nafuu yoyote baada ya wiki tatu au nne, au mama anaanza kuangusha vyombo, daktari anaweza kuchoma sindano ya stiroidi pembeni ya njia ile. Upasuaji wa kukata ule utepe wa juu upo pia, kwa dawa ya ganzi ya mkono peke yake, lakini katika mimba hauhitajiki ila mara chache.

Hoja ya tano: baada ya kujifungua

Sasa tufike kwenye lile neno, "litaisha."

Kwa wengi linapungua kweli, na linapungua upesi. Katika siku na wiki za mwanzo baada ya kujifungua mama anakojoa sana na kutoka jasho, uvimbe unatoka, na usiku unarudi kuwa wa kulala, kama mtoto ataruhusu. Wengi, mpaka wiki ya sita, wameshasahau banzi limewekwa wapi. Huo ndio upande mnaoujua.

Upande mwingine ni huu. Mwaka 2010 madaktari wa Italia walichapisha uchambuzi wa tafiti zilizowafuata kina mama hawa kwa muda mrefu. Mwaka mmoja baada ya kujifungua, zaidi ya nusu yao walikuwa bado wanasikia kitu, na baada ya miaka mitatu karibu theluthi. Wengi wa hao dalili zao zilikuwa nyepesi: ganzi ya asubuhi, ncha ya kidole isiyojua kitambaa laini na kigumu. Hawakuwa wagonjwa wa kulazwa. Lakini hawakuwa wamepona kama walivyoahidiwa, na aliyeahidiwa kupona asipopona huanza kujiona ana kasoro, au hudhani amerogwa, au hunyamaza.

Nani wa kuangaliwa zaidi? Yule ambaye ganzi ilimwanza mapema, katika miezi sita ya mwanzo, badala ya mwishoni. Na yule aliyekuwa nayo kabla ya mimba, au katika mimba iliyopita. Kwa hiyo, wakunga, andikeni kwenye kadi wiki ambayo ganzi ilianza. Ni neno moja na tarakimu moja, na ndilo litakalomsaidia daktari baadaye.

Kuna jambo la kunyonyesha ambalo halizungumzwi. Baadhi ya kina mama wanapata ganzi hii kwa mara ya kwanza wakinyonyesha, au ile ya mimba inawaendelea mpaka waachishe. Hakuna anayewaambia waache kunyonyesha kwa sababu hiyo, wala mimi sitasema. Lakini tazameni mkono unaoshika kichwa cha mtoto: kifundo kimekunjwa ndani, kimebeba uzito, kwa nusu saa, mara nyingi mchana na usiku. Kichwa cha mtoto kilale kwenye kigasha karibu na kisugudi, mto au kanga iliyokunjwa iwekwe chini, na kifundo kibaki kimenyooka. Au anyonyeshe akiwa amelala ubavu. Banzi la usiku linavaliwa bado, ila vidole viko huru, kwa hiyo anaweza kumgusa mtoto.

Wakunga, msichanganye hili na maumivu ya upande wa gumba yanayompata mama anayemnyanyua mtoto kwa kumshika chini ya makwapa. Hilo linauma juu ya kifundo penye mzizi wa gumba, mama akikunja gumba ndani ya ngumi na kuinamisha mkono kuelekea kidole kidogo anapiga kelele, na ganzi hamna. Ni kano, si neva, na matibabu yake ni mengine.

Yule mshona nguo wetu alijifungua wiki ya 39. Pete ikaingia tena baada ya wiki mbili. Mkono wa kushoto ukapona kabisa. Wa kulia, ule anaoshikia kichwa cha mtoto, ukarudia ganzi katika wiki ya nne, na yeye akakaa kimya kwa sababu alishaambiwa kwamba limeisha. Tulimgundua alipokuja kwa chanjo ya mtoto ya wiki ya sita, na ni kwa bahati tu, kwa kuwa alimshika mtoto huku anakung'uta mkono. Tukarekebisha namna ya kunyonyesha, banzi likarudi usiku. Wiki ya 14 ilikuwa imebaki asubuhi tu. Mwezi wa tisa, ncha ya kidole cha shahada ilikuwa bado nzito kidogo, nguvu ya gumba imetimia, na sindano haimponyoki.

Kutoka kwake nimepata pendekezo ninalowaletea leo. Mama wa Buyenzi hatarudi kituoni kwa ajili ya mkono wake. Ana mtoto, ana biashara, ana jiko. Lakini atarudi kwa ajili ya chanjo ya mtoto: wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha mwezi wa tisa. Siku hizo nne ziwe pia siku za mkono wa mama. Muuguzi anayemchoma mtoto aulize mambo matatu: ganzi inakuamsha bado? Vidole gani? Unaangusha vitu? Kisha atazame mnofu wa gumba. Ni kazi ya dakika moja. Wiki ya 6 ganzi ikiwa ipo, banzi liendelee na kunyonyesha kurekebishwe. Wiki ya 14 ikiwa haijapungua, mama apelekwe kwa mtaalamu wa viungo au daktari. Mwezi wa tisa ikiwa bado inamwamsha, au wakati wowote gumba likidhoofu, apewe barua ya hospitali kubwa, aangaliwe pia sukari na tezi la shingo, na daktari wa upasuaji amwone.

Mafundi wa gereji waliokubali kukata mabati tutakutana nao Jumamosi hii. Nitakuja na vipimo vitatu vya karatasi, mdogo, wa kati na mkubwa, na mafundi cherehani watakuja na kitenge cha kuvisha. Mabanzi ya kwanza yatakaa kwa wakunga, mama akijifungua na kupona anayarudisha, yanafuliwa kitambaa, anapewa mwingine. Nimewaomba wauguzi wa chanjo waanze kuuliza yale maswali matatu kuanzia wiki ijayo na kuandika majibu kwenye daftari la kawaida. Baada ya mwaka tutakaa tena hapa, inshallah, na safari hiyo nitasoma kilichoandikwa mle, tujue kina mama wa mtaa huu wanapona lini hasa.

Meza ile pale mlangoni ina rula na mabanzi mawili. Yeyote aliyenunua lake farumasini alete, tulikague kabla hamjaondoka.